Betri Iliyoganda Ndani ya Rimoti: Kisa Kimoja cha Umoja

Rimoti ilifika mezani kwa fundi mtaani Umoja, Nairobi, wiki ya pili ya Januari, kifuniko chake cha nyuma kikiwa kimeshikiliwa na rababendi. Ni rimoti ya kawaida ya televisheni, ya betri mbili nyembamba. Betri moja ilikuwa imetoka bila shida. Ya pili ilikuwa imeganda mahali pake, upande wake wenye alama ya kutoa umefunikwa na unga mweupe uliokauka kama chokaa, na kando ya unga huo ukuta mdogo wa plastiki ulikuwa umevunjika.

"Mama, nani ameingiza kisu hapa?" fundi aliuliza.

"Ni kijana wangu, fundi. Ilikuwa imekataa kabisa kutoka."

Historia yake ni fupi. Mwezi wa Novemba rimoti ilianza kudai kubonyezwa kwa nguvu. Betri zikatolewa, zikaanikwa dirishani juani siku moja, zikarudishwa. Zikafanya kazi siku chache. Kisha ikanunuliwa betri moja mpya kibandani, ikaingizwa pamoja na ile ya zamani iliyoonekana bado ina nguvu. Desemba familia ikasafiri mashambani kwa wiki tatu, na rimoti ikabaki kwenye droo. Waliporudi haikuwaka.

Kila hatua katika maelezo hayo ina sehemu yake katika kilichotokea, na tutazirudia. Lakini kabla ya kugusa unga ule mweupe kuna swali moja linalotangulia, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua dawa.

Si asidi

Watu wengi huita kitu kinachovuja kwenye betri "asidi". Kwa betri ya gari ni kweli. Kwa betri hii ni kinyume chake kabisa, na anayeanza na imani hiyo hufikia dawa isiyofaa: humwagia soda ya kuokea au majivu ili "kuua asidi", na hakuna kinachobadilika kwa sababu anaongeza alkali juu ya alkali.

Angalia maandishi kwenye ganda la betri. Betri nyembamba ya alkalini huandikwa LR03, na ile nene kidogo LR6. Zile za bei rahisi za zinki na kaboni, mawe ambayo wengi wetu tulikua nayo kwenye redio na tochi, huandikwa R03 na R6, bila herufi L mbele. Herufi hiyo moja ndiyo tofauti. Iliyo na L ndani yake mna potasiamu hidroksidi, alkali kali. Isiyo na L mna chumvi za kloridi zenye uchachu, na uvujaji wake kwa kawaida ni majimaji ya kahawia yanayonata, yanayotoka popote ganda la zinki lilipotoboka. Hiyo ndiyo inayotulizwa kwa soda ya kuokea iliyoyeyushwa majini. Vibanda vingi vya Nairobi huuza aina zote mbili kwenye rafu moja, kwa hiyo usibuni. Soma.

Ya Umoja ilikuwa LR03. Alkali yake ilipotoka na kukutana na hewa, ilinyonya kaboni dioksidi na kugeuka potasiamu kaboneti, na huo ndio unga mweupe. Ni ndugu wa karibu wa magadi yanayotiwa kwenye maharagwe ili yaive haraka: magadi yana kaboneti ya sodiamu, unga huu ni kaboneti ya potasiamu. Undugu huo unatufundisha mambo mawili yenye faida. La kwanza, unga huu huyeyuka majini kwa urahisi sana. La pili, ukikutana na kitu kichachu kama siki au maji ya ndimu, hutoa povu. Povu hilo litakuwa kipimo chetu katika kazi yote inayofuata.

Undugu huo usimdanganye mtu kwamba unga hauna madhara. Chini ya tabaka kavu mara nyingi bado kuna hidroksidi mbichi. Ikigusa ngozi huhisi utelezi kama wa sabuni, na utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuzwa sabuni. Osha mara moja kwa maji mengi. Jichoni ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu alkali huendelea kupenya badala ya kukoma juu juu. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usiweke siki jichoni kwa vyovyote. Kwa sababu hiyo kazi hii hufanywa kwa glavu na miwani, na chembe kavu hazipulizwi kwa mdomo. Zinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa nini ilivuja

Betri ya alkalini hutengeneza gesi ya haidrojeni kidogo kidogo ndani yake, hasa ikishaisha nguvu. Kopo lake la chuma ni upande wa kujumlisha. Upande wa kutoa ni kifuniko kilichotenganishwa na kopo kwa kizibo cha plastiki, na kizibo hicho kimetengenezwa kikiwa na sehemu moja nyembamba makusudi, ili shinikizo likizidi kipasuke hapo badala ya betri nzima kulipuka. Ndiyo sababu uvujaji wa alkalini huonekana karibu kila mara upande wa kutoa, na ndiyo sababu springi, ambayo hukaa upande huo, ndiyo huliwa kwanza.

Sasa rudi kwenye ile betri moja mpya. Betri mbili za rimoti zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye moja lazima upite kwenye nyingine. Ile dhaifu ikiisha kabisa, mpya bado ina nguvu ya kuendelea kusukuma mkondo ndani yake, na kuisukuma hadi nguzo zake zigeuke. Katika hali hiyo gesi hutengenezwa kwa wingi. Fundi alizipima zote: ile iliyotoka ilisoma volti 1.4, ile iliyoganda volti 0.2. Pengo la namna hiyo kati ya betri zilizokaa pamoja kwa kawaida hutokana na kuchanganya mpya na ya zamani.

Kuanika juani kulichangia pia. Desturi hiyo ilitokana na mawe ya zamani, na si uongo kwamba joto huipa betri iliyochoka dakika chache za ziada, kwa kuwa kemikali zake huenda kasi zaidi. Lakini kasi hiyohiyo huongeza gesi, na kwa alkalini gesi ndiyo inayopasua kizibo. Kuing'ata ni kubaya zaidi, kwa sababu meno yanaweza kuharibu kizibo hicho na kilicho nyuma yake ni alkali.

Kinachoishikilia

Kijana wa nyumbani alidhani betri imebanwa na springi, kwa hiyo akaingiza kisu nyuma yake, upande wa kutoa, akajaribu kuing'oa. Kuing'oa kutoka upande huo kuna makosa matatu kwa pamoja. Kisu kinaegemea ukuta wa plastiki wenye unene wa milimita moja hivi, nao huvunjika. Ncha yake inaweza kupasua kizibo ambacho tayari kimedhoofika. Na nguvu yote inapitia kwenye springi iliyokwisha kuliwa na kutu.

Ukweli ni kwamba katika rimoti ya namna hii betri haijabanwa. Imegandishwa. Kaboneti imejenga fuwele kati ya kifuniko cha betri na mizunguko ya springi, ikajipenyeza chini ya betri, ikashikana na plastiki. Fuwele hizo haziogopi kisu. Zinaogopa maji na siki, na zinahitaji muda.

Vifaa vilivyotumika ni vichache: siki nyeupe kijiko kimoja cha chai, sirinji ndogo ya kemisti isiyo na sindano, vijiti vya pamba vya masikioni, karatasi laini ya kupangusia, rababendi pana, na kipande cha utepe wa kitambaa. Siki iwe nyeupe. Ile ya kahawia huacha rangi na mabaki yanayonata. Ndimu iliyochujwa pia inafaa, mradi usuuze vizuri zaidi baadaye.

Kabla ya tone la kwanza fundi alitazama springi iko wapi. Katika rimoti hii betri hukaa zikielekeana kinyume. Ncha ya chini ina kibati kimoja kinachounganisha betri zote mbili, na hakigusi bodi. Ncha ya juu, upande wa vitufe, ina springi moja na kibati kimoja, na mikia yake hupitia matundu madogo hadi kwenye bodi. Betri iliyoganda ilikuwa imeshika springi ya juu. Maana yake ni kwamba siki ikimwagwa ovyo hapo itafuata mkia wa springi, ipite tunduni, na kuipeleka alkali yote iliyoyeyuka mahali ambapo hatuitaki.

Je, si heri kufungua rimoti kwanza? Hapana, kwa sababu springi katika rimoti nyingi zimelehemiwa kwenye bodi na kuchomoza kupitia ganda la nyuma. Ukitenganisha ganda betri ikiwa bado imeshikana na springi, utang'oa springi pamoja na kipande cha shaba cha bodi. Betri itoke kwanza.

Rimoti ikalazwa ikiinama, ncha ya juu ikiwa juu, ncha ya chini ikiegemea karatasi iliyokunjwa. Hivyo chochote kitakachotiririka kitashuka kandokando ya betri kwenda upande usio na bodi. Kwa sirinji yakawekwa matone matatu tu ya siki kwenye unga. Povu likatoka mara moja, likatulia baada ya nusu dakika. Dakika tano za kusubiri, kisha maji yote yaliyojikusanya yakafyonzwa kwa karatasi, yasiachwe kukauka palepale na kuganda upya. Matone mengine matatu, dakika tano nyingine. Duru ya nne povu lilikuwa hafifu, na mizunguko ya springi ikaanza kuonekana, ikiwa myeusi na yenye vidoa vya kijani.

Hapo ndipo ilipojaribiwa kwa mkono, na si kwa kung'olewa kwa kisu. Rababendi ilizungushwa mara kadhaa kwenye mwili wa betri ili vidole vipate kushika, kisha betri ikazungushwa palepale ilipolala, kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayelegeza kizibo cha chupa. Mzunguko huu ndio siri ya kazi. Unakata fuwele zilizo kandokando na zilizo chini bila kuivuta springi nje wala kuupinda ukuta. Mara ya kwanza haikusogea, ikaongezewa siki na dakika kumi. Mara ya pili ukasikika mlio mdogo wa kukatika, kama kukanyaga sukari. Ikaachia.

Utepe ukapenyezwa chini ya upande wa kujumlisha, ncha zake mbili zikainuliwa pamoja, na betri ikatoka kwa upande huo kwanza. Kama huna utepe, bisibisi bapa yenye upana wa milimita mbili au tatu hufaa, ikiwa imezungushiwa selotepu na kuegemea kijiti kilichowekwa juu ya ukuta. Selotepu ina sababu yake. Kopo lote la alkalini ni upande wa kujumlisha, likitengwa na karatasi nyembamba ya nje tu, na karatasi hiyo ikichubuka bisibisi tupu inaweza kuunganisha nguzo mbili.

Ikiwa baada ya saa nzima ya duru hizo betri haijasogea hata kidogo, kuna uwezekano kopo limevimba na sasa kweli limebanwa na kuta. Hapo kata ukuta wa plastiki kwa kikata-waya, ukuta na si betri. Ukuta uliokatwa unaweza kubadilishwa kwa kipande cha plastiki na gundi. Kutoboa betri kwa msumari au keekee ili kuivuta, au kuipasha moto, kunarusha alkali usoni.

Vyuma vya mguso

Baada ya betri kutoka, kazi ya kusafisha ina mpangilio mmoja ambao haupaswi kubadilishwa: siki, maji, kisha alkoholi. Siki hutuliza alkali na kuyeyusha ukoko wa zinki na wa shaba. Maji huondoa chumvi ambazo siki imezitengeneza. Alkoholi huondoa maji. Anayeishia kwenye siki ameiacha rimoti na asidi dhaifu juu ya chuma kilichokwisha kuchubuka, na wiki mbili baadaye atalaumu betri mpya.

Vijiti sita vya pamba vilitumika kwa siki, kila kimoja kikitupwa kilipochafuka. Kigezo cha kuacha ni kimoja: tone jipya la siki likiwekwa pale lisitoe povu lolote. Kisha vijiti vitatu vya maji. Maji safi ya bomba yanatosha kwa kufuta, lakini ukipata maji yaliyotolewa madini ni bora. Vituo vya mafuta huuza maji hayo kwa ajili ya betri za gari. Hakikisha umeuziwa maji ya betri, maana kwenye rafu hiyohiyo huweza kukaa chupa ya asidi ya betri.

Kwa alkoholi, ile ya aisopropili ya asilimia 99 inayopatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki barabara ya Luthuli ndiyo bora. Spiriti ya hospitali inaweza kukuokoa kwa vyuma vya mguso, lakini baadhi yake huwa na mafuta kidogo yanayobaki nyuma, kwa hiyo isifike kwenye bodi.

Kibati cha kujumlisha kiling'aa chenyewe baada ya hapo. Springi haikung'aa. Rangi yake nyeusi ilikwaruzwa kwa kifutio cha penseli, kisha kwa kipande cha msasa laini namba 600 kilichokunjwa. Hapa mkono uwe mwepesi. Springi hizi kwa kawaida ni chuma kilichopakwa nikeli nyembamba sana, na kila mpito wa msasa unaondoa nikeli pamoja na uchafu. Ukishaona rangi ya kijivu inayong'aa, acha. Ukiona wekundu wa kutu ujue nikeli imekwisha zamani, na hiyo springi haitakaa.

Ya Umoja ilikuwa na wekundu. Mzunguko wake wa juu ulivunjika ulipoguswa na kijiti cha pamba.

Watu wengi wangekunja karatasi ya alumini ya jikoni na kuiweka mahali pa mzunguko uliokosekana. Kwa uvujaji wa alkalini hilo ni kosa la kikemia, si la usafi tu: hidroksidi huila alumini na kutoa haidrojeni. Mabaki kidogo yaliyosahaulika yatageuza karatasi hiyo kuwa unga wa kijivu. Kama unahitaji kitu cha kuziba nafasi usiku mmoja, tumia kipande cha waya wa shaba uliokunjwa.

Bodi

Springi ilikuwa lazima ibadilishwe, kwa hiyo rimoti ikafunguliwa. Ganda lilishikana kwa vishikizo vya plastiki pekee. Ukingo wa kadi ya zamani ya benki ulipitishwa kwenye mshono, kuanzia ncha ya chini. Katika rimoti nyingine kuna skurubu moja iliyofichwa ndani ya nyumba ya betri, kwa hiyo tazama hapo kabla ya kutumia nguvu.

Alkali ilikuwa imetangulia. Kuanzia kwenye mkia wa springi, ukijani ulikuwa umetambaa takriban sentimita moja juu ya bodi. Alkali hupenda kutambaa juu ya chuma cha upande wa kutoa hata bila shinikizo la kuisukuma, na hii ndiyo sababu rimoti iliyosafishwa kwa nje tu mara nyingi hurudi. Maltimita ilithibitisha: betri zikiwa nje, kutoka ncha ya springi hadi kwenye shaba ya bodi ilisoma omu 14. Mguso mzuri husoma sawa na ncha mbili za mita zikigusana, yaani chini ya omu 1.

Lehemu ya zamani chini ya springi ilikuwa imegeuka kijivu na kuwa na vinyweleo. Kabla ya kuiyeyusha, eneo lote lilisafishwa kwa siki, maji na alkoholi, kwa mpangilio uleule, ila sasa kwa kijiti chenye unyevu tu na si kinachodondosha. Mpangilio huo una sababu nyingine hapa: lehemu haishiki kwenye ukoko wala kwenye kutu, na alkali ikipashwa moto kwa chuma cha lehemu hufuka moshi unaowasha pua na macho. Springi nzuri ikatolewa kwenye rimoti mfu iliyokuwa kwenye sanduku la vipuri, mkia wake ukakwaruzwa kwa msasa hadi chuma cheupe, ukapakwa lehemu kidogo kwanza, kisha ukaunganishwa kwa lehemu yenye uti wa utomvu. Pesti ya lehemu yenye asidi, ile ya mafundi wa mabati, isitumike kwenye bodi, kwa sababu ingeanzisha ulaji mpya mahali palepale. Mita ikasoma omu 0.3.

Rimoti ikafungwa, ikawekewa betri mbili mpya za pakiti moja, na hapo likatokea jambo linalowachanganya mafundi wengi. Kamera ya mbele ya simu ilielekezwa kwenye taa ya rimoti. Kamera ya mbele mara nyingi huona mwanga ambao jicho halioni, na huuonyesha kama zambarau au weupe. Taa ilimeta kabla kitufe chochote hakijabonyezwa, kisha ikazima, na vitufe vyote vikawa kimya.

Maelezo yake ni unyevu. Potasiamu kaboneti hunyonya maji kutoka hewani, na ikishalowa hupitisha umeme. Kila kitufe kwenye bodi ni nusu mbili za kaboni nyeusi zisizogusana; unapobonyeza, mpira wa juu huziunganisha. Tabaka jembamba la chumvi kati ya nusu hizo linaifanya rimoti iamini kuwa kitufe kimebonyezwa na hakijaachiliwa, kwa hiyo inakataa vingine vyote. Pia huendelea kunyonya betri mpya, na mwenye rimoti hulalamika kwamba betri haimalizi wiki.

Rimoti ikafunguliwa tena. Kitufe cha kupunguza sauti, kilicho karibu zaidi na springi, kilikuwa na wingu jeupe ambalo halionekani mpaka bodi iinamishwe kwenye mwanga. Likafutwa kwa kijiti chenye maji, kikafuata chenye alkoholi, kwa mkono mwepesi na bila msasa, maana kaboni hiyo ikikwaruzwa hairudi. Mpira wa vitufe ukaoshwa kwa maji na sabuni kidogo, ukasuuzwa, vyote vikaachwa kukauka hadi asubuhi.

Laiti ukijani ungefika chini ya rangi ya kinga ya bodi na kukata nyuzi zenyewe za shaba, uamuzi ungekuwa mwingine. Uzi mmoja uliokatika unaunganishwa kwa waya mwembamba. Nyuzi tano au sita ni kazi ya saa nyingi kwa rimoti ambayo mfano wake hupatikana Luthuli kwa shilingi mia chache. Kinachopaswa kuokolewa kwa bidii ni rimoti isiyo na mbadala sokoni, au ile ambayo televisheni yake haiwezi kufunguliwa menyu bila yenyewe.

Kukabidhi

Asubuhi kamera ilionyesha taa ikimeta kwa kila kitufe na kunyamaza kidole kilipoondoka. Kwenye springi mpya na vibati vikapakwa mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa vyote, yakapanguswa hadi ibaki filamu tu. Springi inapobana betri huisukuma filamu hiyo kando mahali inapogusa, na sehemu nyingine za chuma hubaki zimefunikwa zisipate unyevu. Yakiwa mengi hukusanya vumbi.

Betri iliyovuja ilifungwa selotepu kwenye ncha zote mbili, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na pamba zilizotumika. Isiingie kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya ploti, kwa sababu betri iliyofungwa ikipata moto hupasuka. Nairobi kuna wanaopokea taka za elektroniki, na mfuko mmoja unaweza kukusanya betri za mtaa kwa miezi kabla ya kupelekwa.

Mama mwenye rimoti alielezwa mambo mawili: betri zibadilishwe mbili kwa pamoja kutoka pakiti moja, na safari ya mashambani ikizidi wiki mbili zitolewe na kuwekwa kando ya rimoti. Akaombwa pia afungue kifuniko baada ya siku kumi na nne atazame. Alipofungua, kibati cha ncha ya chini kilikuwa na duara jembamba jeupe kwenye mkunjo wake, mahali ambapo maji ya duru za kwanza yalishuka na pamba haikufika. Kilirudishwa mezani, kikafutwa kwa siki kwa kijiti kilichonyolewa pamba yake ili kiingie mkunjoni, kikasuuzwa mara mbili na kukaushwa. Ukaguzi uliofuata haukuonyesha kitu.